Plagi tatu au plagi nne kwenye gari ndogo ya mkononi: mtetemo upi ni wa kawaida na upi ni gharama

"Wakuu, niko Tanga, nataka kununua Vitz ya mkononi. Nimepata mbili, moja plagi tatu cc 990 na kitu, nyingine plagi nne cc 1300. Ile ya tatu inatetemeka, muuzaji anasema zote ziko hivyo. Ipi inadumu, na ipi haitanifilisi gereji?"

Mkuu, muuzaji hajadanganya, ila hajamaliza maneno. Plagi tatu zinatetemeka kwa asili yake, na ndiyo maana ni rahisi sana kuficha ubovu ndani ya mtetemo huo.

Mimi nilikuwa na Vitz KSP90, hiyo hiyo ya plagi tatu yenye injini ya 1KR-FE, cc 996. Sasa natumia IST yenye 1NZ-FE ya plagi nne, na Jumamosi nyingi nashinda gereji ya mjomba wangu hapa Ngamiani nikimsaidia. Kwa hiyo sina timu.

Injini zote hizi zinahitaji krenkshafti izunguke mara mbili ndipo kila pistoni iwe imewaka mara moja. Kwenye mizunguko hiyo miwili, ya plagi nne inapata misukumo minne na ya plagi tatu inapata mitatu. Gari ikiwa sailensi, tuseme mizunguko 750 kwa dakika, hiyo ya tatu inapata misukumo kama 19 kwa sekunde na ya nne inapata 25. Kati ya msukumo na msukumo plagi tatu ina kinafasi ambacho hakuna pistoni inayosukuma, na mwili wako unakihisi kwenye usukani na kiti. Halafu pistoni ya mbele na ya nyuma hazipandi na kushuka pamoja, basi injini inainuka huku na kushuka kule kama ngalawa kwenye wimbi. Kwenye nne, mbili zinapanda wakati mbili zinashuka, hivyo hakuna kuyumba huko.

Lakini ukishaondoka mambo yanabadilika. Injini ya plagi nne ikizungushwa sana ina mvumo wake mwembamba, kwa sababu pistoni haziendi kasi sawa juu na chini, na nguvu hiyo haijifuti. Ya tatu haina tatizo hilo kwa kiwango hicho. Ukiwa unatembea kilomita 80 kwa saa kuelekea Muheza, hutasema plagi tatu inatetemeka, utasema inanguruma tu. Anayeichukia huwa ameipimia kwenye foleni kiyoyozi kikiwa kimewashwa.

Sasa kazi yako ni kujua mtetemo huo ni wa asili, ni wa mauntini, yaani raba zinazoshikilia injini, au ni silinda iliyolala. Nikupe mfano wa gari mbili tulizopima kwa ajili ya shemeji yangu, zote KSP90, zote zinatetemeka, na wauzaji wote wawili wana maneno yale yale ya muuzaji wako.

Ya kwanza ilikuwa Chumbageni. Tuliiwasha ikiwa ya baridi, tukaiacha ipate moto. Nikaenda nyuma nikaweka kiganja karibu na mdomo wa eksozi, bila kuuziba. Injini nzima, hata ya plagi tatu, inapumua kwa mpangilio: puf puf puf, sawasawa. Hii ilikuwa inapumua, inapumua, inaruka. Mtetemo wa asili hauruki hata mara moja. Ukisikia mpigo unakosekana kwa zamu ile ile, kuna silinda haifanyi kazi, na kwenye plagi tatu hapo umeshapoteza theluthi ya injini.

Tukachomoa soketi za koili moja moja injini ikiwa inaunguruma. Ya kwanza kuchomolewa, injini ikataka kuzima. Tukairudisha, tukachomoa ya pili, vile vile. Ya tatu tulipochomoa, hakukuwa na tofauti yoyote. Huyo ndiye mgonjwa. Usiiache imechomolewa muda mrefu, maana petroli ambayo haijaungua inakwenda kuharibu katalisti. Tukabadilishana koili ya tatu na ya kwanza, ugonjwa haukuhama. Plagi nayo tukaihamisha, ugonjwa haukuhama, ila ilitoka nyeusi na imelowa oili. Ukiwa na skana, gari ya namna hii itakuonyesha P0303, lakini skana itakuambia silinda ipi tu, haitakuambia kwa nini.

Ndipo mjomba akatoa geji ya kompresheni. Hapa watu wengi wanapima vibaya: plagi zote zitoke, petroli ikatwe kwa kuchomoa fyuzi ya EFI, betri iwe na nguvu, na mtu akanyage mafuta hadi mwisho wakati stata inazungusha, mpaka mshale wa geji usipande tena. Tulipata 175, 170 na 85 psi. Namba yenyewe inategemea geji na betri, hivyo usibishane sana kuhusu 175 au 165. Cha kuangalia ni tofauti. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 10 hadi 15, kuna neno. Ya tatu ilikuwa nusu ya wenzake.

Akamimina kijiko cha oili kwenye tundu la silinda ya tatu akapima tena, ikapanda hadi 130. Oili huziba kwa muda mwanya kati ya ringi na ukuta wa silinda, kwa hiyo ikipanda hivyo ujue ni ringi. Ingebaki pale pale 85, tungeshuku valvu au gasketi ya silinda hedi. Muuzaji alikuwa bado anasema "zote ziko hivyo". Tukamshukuru, tukafunga plagi zake, tukaondoka.

Ya pili ilikuwa Makorora, na kwa kuitazama ilitetemeka zaidi ya ile ya kwanza, dashibodi nzima inalia. Lakini kwenye eksozi ilipumua sawasawa, na ukikanyaga mafuta kidogo kufikia mizunguko 1,500 ilitulia tuli. Shemeji akashika breki, akatoa gia P kwenda D, kisha R, mimi natazama boneti ikiwa wazi. Injini ilirukia upande mmoja kila alipobadilisha gia, na raba ya mauntini ya kulia ilikuwa imepasuka. Kompresheni ilikuwa nzuri zote tatu. Alinunua, tukabadilisha mauntini na kusafisha throto, ambayo ilikuwa na masizi mpaka sailensi imeshuka chini. Bado inatetemeka kidogo akiwa kwenye D na kiyoyozi, na hiyo itabaki hivyo mpaka atakapoiuza.

Kuhusu kudumu, idadi ya pistoni siyo inayoamua. 1KR-FE inatumia cheni ya taimingi kama 1NZ-FE, na zote zikitunzwa zinakwenda mbali. Tofauti ni kwamba ile ndogo inabeba oili kidogo, takriban lita tatu tu. Injini ikianza kula oili, nusu lita ikipungua ni kama sehemu ya sita ya yote, na hapo mwenye gari hajafungua boneti tangu sevisi iliyopita. Oili iliyobaki inapata moto zaidi, inachafuka haraka, masizi yanakamata ringi, na gari inazidi kula oili. Ile ya Chumbageni ilipita njia hiyo: dipstiki ilikuwa haijafika alama ya chini, na ukifungua kifuniko cha oili unaona tope jeusi limeganda ndani. Angalia hapo kabla hujauliza kilomita. Kilomita za dashibodi ya gari ya mkononi mimi huzisoma kama maombi.

Na tafadhali usiweke 20W-50 kwa sababu fundi kasema Tanga kuna joto. Injini hizi zina njia nyembamba za oili, VVT-i na kikaza cheni vyote vinafanya kazi kwa presha ya oili, na 5W-30 inatosha kabisa huku kwetu. Ukiwasha asubuhi ukasikia cheni inalia kwa zaidi ya sekunde moja au mbili, jiulize gari hiyo imekuwa ikinyweshwa nini. Kwenye 1KR tazama pia pampu ya maji, ina tabia ya kuvuja ikizeeka. Utaona alama ya kulanti iliyokaukia chini yake. Kwetu pwani watu wanajazia maji ya kisima yenye chumvi, na chumvi na aluminiamu havipatani.

Kwenye gharama, plagi tatu inakuokolea robo ya baadhi ya vitu: plagi, koili, nozeli, ringi. Basi. Cheni ni moja kote, pampu ya maji moja, mauntini zile zile, na fundi hakupunguzii hela ya kushusha injini kwa sababu pistoni moja haipo. Tena mauntini za plagi tatu zinakula kibano zaidi, kwa hiyo robo uliyookoa kwenye plagi unairudisha huko. Kinachoshusha bei ni wingi wa gari mtaani. 1KR ipo kwenye Vitz na Passo, hukosi spea. Plagi nne ya cc 1300 kwenye Vitz ya umbo hilo ni SCP90, injini 2SZ-FE, ambayo siyo ndugu wa 1NZ ya IST, hivyo usidhani kila spea ya IST itaingia. Halafu Vitz ya umbo la zamani, SCP10, ni cc 997 lakini ina plagi nne, kwa hiyo usihukumu kwa cc. Fungua boneti, hesabu koili.

Kama safari zako ni Raskazone, sokoni na Pongwe, chukua ya plagi tatu iliyopita vipimo hivyo, utafurahia mafuta. Kama una watu Lushoto na unapanda kutoka Mombo na abiria wanne na gunia la viazi wakati wa kurudi, chukua cc 1300. Siyo kwa sababu ya kutetemeka. Ile ya cc 996 ikibebeshwa mlima namna hiyo utaikanyaga mpaka chini muda wote, na injini inayoishi na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho huku ina lita tatu za oili iliyochoka ndiyo inayokuja gereji kwa mjomba ikiwa inavutwa kwa kamba.

Hiyo unayoiona inatetemeka, usiikatae bado. Nenda na geji, na muuzaji akigoma plagi zisifunguliwe, hamia kwa ile nyingine na uipime vile vile, maana nayo inaweza kuwa na silinda iliyolala, na ukiilinganisha na ya plagi tatu ukadhani ni nzima.