Siri ya kikoba, na wanaume wawili niliowaambia

Mwaka niliokuwa mweka hazina wa kikoba chetu pale Kirumba, Mwanza, hatukuwa na sanduku la kufuli tatu kama vikundi vingine. Pesa zilikaa kwenye laini yangu ya simu. Mwezi wa kumi na moja nikachukua shilingi 950,000 bila kumwambia mtu, nikavuka kwenda Ukerewe kununua dagaa, nikiamini nitazirudisha kabla hatujavunja kikoba Desemba. Dagaa wakaanikwa mchangani, mvua ya vuli ikapiga siku mbili mfululizo, wakageuka rangi wakaanza kunuka. Niliwauza kwa bei ya chakula cha kuku. Siku ya mgao nilisimama mbele ya wanawake wenzangu 19 sina la kusema. Mmoja alikuwa anategemea fungu lake kwa ada ya mwanawe, na yule mtoto hakurudi shule Januari. Nilimaliza kuwalipa wote baada ya miezi 14.

Jambo hili nimewaambia wanaume wawili, kwa nyakati tofauti.

Wa kwanza hakuniacha hata nimalize. Alinishika mkono akasema, "Usijali mpenzi, yaliyopita si ndwele." Usiku ule nililala usingizi mzito kuliko siku zote. Baadaye sana ndipo nilipokumbuka kwamba hakuuliza swali hata moja. Hakujua ni kiasi gani, hakujua nani aliumia. Wiki ya tatu tukakorofishana kuhusu pesa ya gesi, akaniambia, "Wewe ndiye wa kunifundisha mimi hesabu? Kawafundishe wenzako wa kikoba." Mwezi haujaisha, dada yake akaniuliza huku anacheka kama bado natunza pesa za watu.

Wa pili nilimwambia jioni moja tumekaa kwenye mawe kule Capri Point. Alinyamaza. Uso ulibadilika, nikauona. Akaokota kijiwe, akakigeuzageuza mkononi bila kukirusha, kisha akasema, "Naomba nikalifikirie." Akanisindikiza kituoni, akaningoja nipande daladala. Siku mbili hakupiga simu. Nililia, nikijua yameisha.

Siku ya tatu alikuja na maswali matatu. La kwanza, "Yule mtoto wa ada alirudi shule?" La pili, "Na wewe miezi yote ile ulikuwa unaishije?" La tatu, kama kuna deni lolote lililobaki. Hilo la mwisho lilikuwa kwa ajili yake mwenyewe, na alikuwa na haki, kwa sababu tulikuwa tunapanga kuishi pamoja.

Ndiyo maana dada yeyote akiniuliza leo kama mwenzake aliipokea siri yake vizuri, huwa namuuliza maswali yalielekea wapi. Mtu anayekujali hutaka kujua yaliyokuumiza na walioumia. Ambaye maswali yake yote ni "watu wataniona vipi" au "nani mwingine anajua" anahesabu hasara yake. Na asiyeuliza kabisa, usimshukuru haraka kama nilivyofanya mimi. Huenda ameiweka akiba.

Mshtuko si kutokujali. Kunyamaza, hata kukasirika, kunaweza kuwa ni mtu anabeba uzito kweli. Siri nyingine zinamgusa yeye moja kwa moja: mtoto uliyemficha, deni, ugonjwa. Hapo mpe nafasi ya kuumia. Kinachotofautisha ni kama anarudi kuzungumza, au anageuza kimya kuwa adhabu ya majuma.

Kipimo kikubwa kwangu ni ugomvi wa kwanza baada ya hapo, ugomvi wa jambo lingine kabisa. Akiitoa siri yako kukushinda kwenye hoja ya gesi, mwambie mara moja kwamba imekuumiza. Wapo wanaosikia, wakaomba radhi, wasirudie. Lakini akianza kusema "nitawaambia kwenu", hiyo ni kamba anakufunga nayo, nawe usiendelee kumpa siri zaidi ili umtulize. Tafuta mtu mzima unayemwamini, umwambie mwenyewe kabla hajakutangulia.

Nikirudi nyuma, ningebadilisha jambo moja tu: ningemwambia yule wa kwanza waziwazi kwamba habari ile ni yake peke yake, hata dada yake asijue. Nilidhani inaeleweka.

Yule wa pili ndiye mume wangu. Mwaka jana tulikuwa Mwaloni kununua sato, tukakutana na yule mama wa ada anahangaika na beseni zito. Nilijikuta natetemeka. Mume wangu alimjua nilipomtaja jina. Alimwamkia, "Shikamoo mama," akachukua lile beseni, akalibeba mpaka kwenye bajaji, akimuuliza habari za watoto. Tulipokuwa njiani kurudi aliniambia tu, "Yule kijana wake anafanya kazi Geita sasa," akaendelea kutafuta chenji ya nauli.