Sufuria ya Enameli Ikibanduka, Acha Kutu Kwanza, Tazama Kioo

Dada mmoja wa Kayole amenitumia picha mbili na swali la maneno matatu: "Je, tumekula sumu?" Picha zinaonyesha sufuria ya enameli aliyoachiwa na mama mkwe wake, nyeupe kwa ndani na ya samawati kwa nje. Ukingoni imebanduka hapa na pale. Ndani, katikati ya kitako, pana doa la kutu la ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi. Humo ndimo anamopikia githeri na uji wa watoto.

Dada, kutu haijawatia sumu. Lakini sufuria hiyo usiipikie tena. Najua majibu haya mawili yanaonekana kupigana, na ndiyo maana leo sitajibu kwa ujumbe mfupi. Isitoshe, mimi na jambo hili tuna kesi ya zamani.

Nilikuwa na birika ya enameli niliyoinunua Gikomba, nzito, yenye maua ubavuni. Siku moja ukoo ulikutana kwangu Umoja. Nikawatilia chai ya rangi, nayo ikatoka nyeusi yenye ukijivu. Wifi yangu alionja, akainuka, akaenda kuimwaga kwenye sinki watu wote wakitazama, kisha akatangaza kwamba nataka kuwapa wageni pepopunda. Mbele ya mama mkwe! Birika yenyewe ilikuwa imeangushwa na mwana wa wifi huyo huyo wiki iliyotangulia, lakini hilo halikutajwa. Sikumjibu siku ile. Namjibu leo.

Pepopunda huletwa na bakteria wanaoingia mwilini kupitia jeraha. Ukichomwa na msumari uliolala kwenye udongo, hapo kuna la kuhofia. Kunywa chai iliyogusa kutu si njia ya kupata ugonjwa huo. Kutu ni chuma kilichokutana na maji na hewa, basi. Kiasi kidogo kinachoingia kwenye chakula hakimdhuru mtu mwenye afya ya kawaida, ingawa mtu ambaye daktari amemwambia mwili wake umejaza madini ya chuma kupita kiasi afadhali ajiepushe nacho. Na wale wanaoniandikia kwamba kutu "inaongeza damu" nao watulie, maana chuma kilicho kwenye kutu mwili hukifyonza kwa shida sana.

Mbona basi chai ilibadilika rangi? Majani ya chai yana tanini, na tanini ikikutana na chuma hutoa rangi nyeusi. Nimeigeuza aibu ile kuwa kipimo. Chemsha chai kali bila maziwa wala sukari katika sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Nusu yake imimine kwenye chombo unachokishuku, nusu nyingine iache pale pale. Baada ya kama dakika ishirini, tia kila moja kwenye glasi, uzisimamishe karibu na dirisha. Ile ya chombo chako ikiwa imefanya weusi wa wino, chuma kiko wazi humo ndani. Nyanya, ndimu na ukwaju huchota chuma hicho vilevile, ila hapo utakijua kwa ladha kuliko kwa macho.

Sasa tuje kwenye kioo, kwa sababu enameli ni kioo. Kiwandani husaga kioo kikawa unga, wakaupaka juu ya bamba la chuma, wakauchoma kwenye tanuri la joto la nyuzi 800 hivi hadi uyeyuke na kushikana na chuma. Kwa kawaida tabaka la chini huwa jeusi au samawati iliyokolea, na kazi yake ni kung'ang'ania chuma. Lile jeupe tunalolipenda huja juu yake. Kwa hiyo unapoona sehemu iliyobanduka, tazama rangi kabla hujapiga kelele. Weusi unaong'aa maana yake bado uko kwenye kioo. Kijivu kilichofifia au rangi ya kahawia maana yake umefika kwenye chuma.

Na chuma kikishafikiwa, mambo hayaishii hapo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hupenya chini ya kingo za kioo na kukiinua taratibu. Doa hupanuka, vipande vyembamba vikidondoka bila mtu kuviona. Hivyo ndivyo vya kuogopwa. Kipande kidogo mara nyingi hupita tumboni kikatoka salama, lakini kinaweza kuchana ulimi, kuvunja jino au kumkwama mtoto kooni. Ukiona sehemu mpya imebanduka wakati chakula kiko mekoni, mwaga chakula chote. Usikichuje, maana chujio haliwezi kukuhakikishia chochote. Na aliyekwisha kumeza, akishikwa na maumivu ya tumbo au akitapika damu, apelekwe hospitali.

Kujua kama kingo bado zinaachia vipande, kausha sufuria kabisa, kisha pitisha pamba kuzunguka doa polepole. Nyuzi zikinasa, kingo ni kali na bado zinamomonyoka. Usitumie kidole, tafadhali.

Twende kwenye sufuria ya dada. Ukingoni mwiko haukwangui na chakula hakikai, kwa hiyo pale paoshwe, pakaushwe juu ya moto mdogo, papakwe mafuta ya kupikia kidogo sana, na ingetosha. Tatizo ni kitako. Mwiko unapita juu ya doa kila siku, uji unakaa hapo, na katika picha ya pili naona kingo za doa zimeinuka. Ukiisugua kwa siki kutu itatoka, utafurahi, na baada ya kuosha vyombo mara chache itarudi, kwa sababu kioo kilichoilinda hakipo tena. Weka vitunguu humo, au panda dania.

Na usimpelekee fundi! Hapa ndipo ninapokasirika. Tumezoea kuokoa kila kitu, hata kinachotuumiza. Rangi ya kupaka na gundi zinazouzwa kwa kuziba sinki na bafu hazikutengenezwa kwa moto wa jiko wala kwa chakula. Risasi ya kulehemu nayo inaweza kuwa na madini ya risasi yenyewe, na hiyo ndiyo sumu halisi, si kutu. Kurudishia enameli kunataka tanuri, na gharama yake itapita bei ya sufuria mpya.

Jambo la rangi nimelibakiza kwa makusudi. Enameli nyekundu, ya machungwa au ya manjano kwenye vyombo vya zamani huenda ilitiwa kadimiamu, madini yenye sumu, na baadhi ya vyombo hivyo vina risasi pia. Rangi ikiwa nje tu, haigusi chakula. Ikiwa ndani, au kwenye mdomo wa kikombe, mimi chombo hicho nakiweka kabatini kiwe pambo, hata kikiwa kizima kabisa, kwa sababu kwa macho huwezi kujua kilichomo.

Ukienda Gikomba, igeuze sufuria kwenye mwanga wa jua na utazame kitako cha ndani kabla ya kuuliza bei. Iliyobanduka kwenye mkono au mfuniko, teta bei na uichukue. Iliyobanduka ndani, hata muuzaji akuape kwamba ni alama ya safari tu, mrudishie.