Nadharia mbili za tasnifu ya uhamiaji: unazichagua vipi na unazitetea vipi?

*Mwalimu shikamoo. Nafanya masta, mada yangu ni wanawake wa Kilifi wanaokwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Malengo yangu ni matatu: kwa nini wanaamua kwenda, wanapitia njia gani, na pesa wanazotuma zinabadilisha nini nyumbani. Sura ya pili nimetumia nadharia ya Lee na ile ya uchumi mpya wa Stark na Bloom. Supavaiza amenirudishia ameandika pembeni tu "kwa nini hizi mbili?" Nimeongeza kurasa za kuzielezea lakini bado haridhiki. Nifanyeje?*

Marahaba dadangu. Supavaiza wako hajakuambia hujazielezea, amekuuliza kwa nini hizo na si nyingine, na hilo huwezi kulijibu kwa kuongeza kurasa za historia ya nadharia. Yeye Lee anamjua, asichokijua ni Lee anakuja kufanya nini Kilifi.

Hebu rudi kwenye malengo yako matatu halafu uweke kila nadharia mbele ya kila lengo, uone inajibu nini. Lee, kwenye makala yake ya 1966, anasema kuna mambo ya unakotoka, mambo ya unakokwenda, vikwazo vya katikati na hali ya mtu mwenyewe. Sawa, lakini hiyo kwa kweli ni orodha ya vichwa vya habari, utaijaza umaskini upande huu na mshahara upande ule na kila kitu kitaingia, na bado hutaweza kusema kwa nini mwanamke wa nyumba hii kaenda na jirani yake mwenye shida zilezile kabaki. Na Stark na Bloom wa 1985 nao wanajibu swali hilohilo la kwa nini mtu anaondoka. Kwa hiyo una nadharia mbili zinazogombania lengo la kwanza na lengo la pili, la njia, limebaki yatima. Hapo ndo penye tatizo, na ningekuwa mimi ningemtoa Lee nikaingiza nadharia ya mitandao, yaani ya jamaa na marafiki waliotangulia, ya Massey na wenzake.

Ya uchumi mpya ibakie, manake kwa Kilifi inaingia vizuri sana. Hoja yake kubwa ni kwamba anayeamua si mtu mmoja ni kaya, na kaya haitafuti kipato kikubwa tu, inatafuta kupunguza hatari pale ambapo hakuna bima wala mkopo wa kueleweka. Fikiria kaya ya Ganze inayotegemea mahindi ya mvua na mbuzi wachache. Mvua ikikosa, shamba linakufa na mbuzi wanauzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu kila mtu anauza siku hiyohiyo, na hata ndugu aliyeko Malindi anayefanya vibarua vya shamba naye kakosa kazi. Mshahara wa Riyadh hautegemei mvua ya Ganze. Sasa hapo nadharia inakupa kitu cha kwenda kukipima: kama iko sawa, utakuta kaya zilizotuma mtu ni zile ambazo vipato vyao vyote vinakufa kwa pamoja, utakuta waliobaki walichangia pasipoti na nauli, na pesa inayotumwa inaongezeka mwaka wa ukame. Lucas na Stark walitazama jambo la namna hii Botswana, makala ya 1985, wakakuta kaya zenye mifugo iliyokuwa hatarini kwa ukame zilikuwa zinatumiwa zaidi. Kwa hiyo lengo la kwanza na la tatu yamepata mwenyewe.

Lakini usiisifu tu. Udhaifu wake unaojulikana ni kwamba inaichukulia kaya kama ina nia moja, na we unafanya utafiti wa wanawake! Yule aliyeondoka kwa siri mume asijue, au aliyesukumwa na mamake ilhali hataki, nadharia hii haina pa kumweka. Wanazuoni wa jinsia wameisema sana hiyo. Andika wazi, halafu useme utafanya nini: kwenye hojaji usiulize "familia iliamuaje", uliza nani alitoa wazo kwanza, nani alikataa, nani alilipa nini, nani anapokea pesa sasa hivi.

Mitandao sasa. Massey alifanya kazi kubwa na wahamiaji wa Meksiko waendao Marekani, na hoja ni kwamba kila anayetangulia anampunguzia anayefuata gharama na hatari, ndio maana kijiji kimoja kinapeleka watu wengi na cha jirani hakipeleki hata kama umaskini ni uleule. Inajibu lengo la pili moja kwa moja. Mtego wake kwako ni ajenti. Wengi wa watu wako watasema "nilipitia ajenti", na ajenti anayefanya biashara si mtandao wa jamaa, Massey mwenyewe na wenzake kwenye mapitio yao ya 1993 waliwaweka hao kwenye nadharia tofauti, ya taasisi. Usikimbilie kuongeza nadharia ya tatu. Uliza swali moja zaidi: huyo ajenti ulimjuaje? Kama jibu ni binamu aliyeko Jeddah au mama jirani ambaye bintiye ashaenda, mtandao uko kazini na ajenti ni mlango tu. Kama wengi walimpata kwa tangazo la mtandaoni bila kumjua mtu, basi nadharia imepwaya na hilo ni tokeo, liandike kwenye sura ya nne bila aibu.

Zinakaa pamoja? Ndiyo, moja iko ndani ya kaya na nyingine iko kati ya kaya na kaya, hazikanushani. Ungeweka uchumi mpya pamoja na Harris na Todaro wa 1970, ungekuwa umesema anayeamua ni kaya na hapohapo anayeamua ni mtu binafsi anayepiga hesabu ya mshahara anaoutarajia, na paneli wangekushika hapo.

Zile ulizoziacha nazo zinataka sentensi mbilimbili. Piore wa 1979 kwa mfano, anayesema uhamiaji unavutwa na mahitaji ya soko la kule, ni mzuri na kafala, ule mfumo wa kumfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, ingeingia humo, ila data yako yote inatoka Kilifi, hutawahoji waajiri wa Saudia, kwa hiyo huna cha kumpimia. Hiyo ni sababu halali kabisa.

Aya ya utetezi yenyewe iwe fupi, kitu kama hivi:

> Utafiti huu unatumia nadharia ya uchumi mpya kueleza uamuzi wa kaya (lengo la 1) na matumizi ya pesa (lengo la 3), kwa kuwa kaya za Kilifi hutegemea mvua na hazina bima ya mazao. Nadharia hiyo haielezi njia za kuondoka, hivyo nadharia ya mitandao inatumika kwa lengo la 2. Kwa kuwa ya kwanza huichukulia kaya kuwa na nia moja, hojaji inamuuliza kila mhojiwa nani alipendekeza, nani alipinga na nani alilipa.

Ukishaandika, chukua hojaji uandike pembeni ya kila swali limetoka nadharia ipi. Swali lisilo na mwenyewe litoe au ulitetee, na nadharia ambayo haijazaa hata swali moja ujue bado ni pambo, supavaiza ataiona tena.