Wadogo zangu wa ratiba za kituo cha simu, simu haziji kwa wastani

Jana dogo mmoja mgeni kaniletea hesabu yake kwenye Excel. Kajumlisha simu za siku, kagawanya kwa saa 12, na chini kaandika kwa rangi nyekundu: watu 7 wanatosha. Nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka aliyewahi kuandika saba hiyohiyo katika ofisi moja hapa Kampala. Ni mimi.

1. Hesabu kwa nusu saa, siyo kwa siku. Tulikuwa tunapokea simu 1,200 kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Nikaona ni simu 100 kwa saa. Kwenye ripoti, `Talk Time` ilisema sekunde 180 kwa simu moja. Nikapiga:

```
=100*180/3600
```

Jibu 5. Yaani simu za saa moja zinahitaji saa tano za mazungumzo. Nikaongeza wawili wa huruma, nikatuma ratiba, nikaenda kulala vizuri.

Ikaja Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mishahara imeingia, watu wametuma pesa kwa namba isiyo sahihi, kila mmoja anataka irudishwe sasa hivi. Saa nne asubuhi skrini ya ukutani ikaanza kuwa nyekundu. Simu tisa kwenye foleni, kisha ishirini, kisha arobaini na moja. Msimamizi wa zamu akaacha rolex yake mezani haijaumwa hata mara moja, akavaa hedifoni mwenyewe. Mimi niliketi laini ya Kiswahili, kwa wateja wa Arua na wafanyabiashara wa Mpondwe, na kila niliyempokea alianza na matusi kabla ya salamu. Madam akaja akasimama nyuma yangu. "Hawa watu saba uliwatoa wapi?" Sikuwa na jibu.

Jibu nilikuja kulipata usiku. Kati ya saa nne na saa tano ziliingia simu 180, siyo 100. Na ajenti akimaliza kuongea bado anaandika tiketi ya kurudisha pesa, sekunde 60 ambazo mfumo unaziweka kwenye safu nyingine, `ACW`, ambayo sikuifungua. Simu moja ilikula sekunde 240:

```
=180*240/3600
```

Kumi na mbili. Mzigo wa watu 12 nimeubebesha watu saba. Ajenti mmoja anamaliza simu 15 kwa saa, kwa hiyo saba wanamaliza 105. Zile 75 zilizobaki hazikupata mtu: wengine walingoja, wengine walikata na kupiga tena.

2. Mzigo wa 12 haumaanishi watu 12. Simu haziji kwa mstari kama wanafunzi gwaride. Zinakuja tatu kwa mpigo, kisha kimya. Wakiwa 12 kamili, foleni haiishi. Hapo ndipo Erlang C inapoingia, hesabu ya foleni ya yule Mdenmaki wa kampuni ya simu ya Kopenhageni, ya mwaka 1917. Kwa simu hizo, ajenti 13 wanapokea ndani ya sekunde 20 asilimia 35 tu ya simu. Wakiwa 14 ni 59, 15 ni 75, 16 ni 85. Lengo letu la asilimia 80 ndani ya sekunde 20 linataka watu 16. Mtazame huyo wa 14: mtu mmoja tu, na wastani wa kungoja unashuka kutoka karibu dakika tatu hadi chini ya dakika moja. Bosi akisema "punguza mmoja tu", mwoneshe hapo. Ila kumbukeni hesabu hii inadhani hakuna anayekata simu, kwa hiyo siku ya fujo inatisha kuliko hali halisi.

3. Hao 16 ni wa kwenye viti. Chai, mafunzo, malaria na boda iliyokwama kwenye mvua vikila asilimia 30, gawanya 16 kwa 0.7, unapata 23. Usizidishe kwa 1.3, utapata 21 na utakosa wawili bila kujua walikoenda.

4. Laini za lugha zinagharimu. Ukigawa mzigo huo nusu Kiganda, nusu Kiingereza, na ajenti hawavuki, kila upande unataka 9, jumla 18. Ajenti wa lugha mbili ni dhahabu. Msimfungie laini moja.

5. Anayepiga mara nne ni mteja mmoja. Mwezi uliofuata ule wa aibu nilihesabu kila jaribio, nikaomba watu wengi mno, nao wakakaa wakichezea simu zao. Madam hakusahau hilo pia.

Dogo, karatasi yako nimeirudisha. Nataka niione Jumatatu ikiwa na mistari 24, mmoja kwa kila nusu saa, na safu ya `ACW` ukiwa umeifungua.