Choo kikavu: mboji ishikwe lini?

"Chumba cha kwanza cha kinyesi chini ya choo changu kikavu nilikifunga miezi mitatu iliyopita, hakinuki tena. Naweza kuchota mboji?"

Bado, ndugu. Kukosa harufu si kipimo. Vijidudu vingi vya kuhara hufa mapema kwa ukavu na jivu, lakini mayai ya minyoo ya tumbo ni sugu, na hayo ndiyo yanayoamua muda. Kwa joto letu la pwani kiache mwaka mzima, ukihesabu tangu kinyesi cha mwisho. Mtoto akijisaidia humo mara moja tu, hesabu inaanza upya.

Ukifungua, vaa glavu ufinye mboji kidogo: ikimomonyoka kama udongo mkavu, sawa. Ikishikamana, kuna maji au mkojo unaingia. Ziba panapovuja, ongeza jivu, usubiri tena. Yangu huifukia kwenye migomba, mchicha siuwekei.