Mbona CRP imeshuka, ESR ikapanda?

Swali: Mama yangu, mwenye miaka 63, amelazwa kwa nimonia. Siku aliyoingia, CRP ilikuwa 180 na ESR 62. Leo ni siku ya tano ya antibayotiki: CRP ni 34, lakini ESR imefika 78. Homa imekwisha na anakula. Hemoglobini yake ni 9.4. Daktari, tuamini kipimo kipi?

Jibu: Ndugu msomaji, kwa nimonia ya siku tano iaminini CRP, maana inaeleza hali ya mama kama ilivyo sasa, ilhali ESR bado inasimulia mambo ya wiki iliyopita. Majibu hayo mawili ya vipimo vya damu hayapingani. Tofauti yake inatokana na kile ambacho kila kipimo kinakipima hasa.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini. Bakteria wanapoingia kwenye pafu, chembe za kinga hutoa kemikali za kuitana, na mojawapo, interleukini-6, hufika kwenye ini kupitia damu na kuliamuru litengeneze CRP kwa wingi. Protini hiyo hujishikiza kwenye ngozi ya bakteria na kwenye chembe zilizokufa, ili mfumo wa kinga uvitambue na kuviondoa. Huanza kupanda baada ya saa sita hivi, hufika kileleni kwa takriban siku mbili, na kutoka chini ya miligramu 5 kwa lita inaweza kupita 300. Kuondoka kwake nako ni kwa haraka: kiasi kilichomo katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi. Kwa hiyo, lau ini lingeacha kabisa kuitengeneza, 180 ingekuwa 90 baada ya saa 19 na 45 baada ya saa 38. Kwa kuwa ini huacha taratibu kadiri maambukizi yanavyodhibitiwa, kufika 34 siku ya tano ndiyo mwendo tunaoutarajia dawa inapofanya kazi.

ESR, kwa upande wake, haipimi protini yoyote moja kwa moja. Kwa njia ya Westergren, damu iliyochanganywa na sitrati, kemikali ya kuizuia isigande, husimamishwa ndani ya mrija mwembamba, kisha baada ya saa moja husomwa ni milimita ngapi chembe nyekundu zimeshuka. Kwa kawaida chembe hizo hushuka polepole, kwa sababu zina chaji hasi ya umeme inayozifanya zisukumane. Katika mchochoto, yaani mwitikio wa mwili dhidi ya maambukizi au jeraha, ini huongeza pia fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, nayo hupunguza nguvu ya kusukumana huko. Chembe hushikamana zikapangana kama sarafu zilizorundikwa, na rundo hushuka kwa kasi kuliko chembe moja moja. Fibrinojeni hupanda taratibu, na huchukua kama siku nne kupungua kwa nusu, tena kingamwili zinazoongezeka baada ya maambukizi huchangia kazi hiyo hiyo. Ndiyo maana ESR huweza kuendelea kupanda mgonjwa akiwa anapona, na kurudi chini huchukua wiki kadhaa.

Kwa mama yako kuna jambo la ziada, nalo ni hemoglobini ya 9.4, yaani ana upungufu wa damu. Chembe nyekundu zikiwa chache hazizuiani sana njiani, hivyo ESR hupanda hata pasipo ugonjwa mwingine. Umri nao huipandisha kidogo, na wanawake huwa nayo juu kuliko wanaume. CRP haiguswi na upungufu wa damu kwa namna hiyo. Hata mrija ukiinama kidogo tu, ESR huonekana kubwa kuliko ilivyo, kwa hiyo mimi sitatizwi na tofauti ya 16 iliyosimama peke yake.

Ambacho kingenitia wasiwasi ni CRP kugoma kushuka ifikapo siku ya tatu au ya nne, au kushuka kisha kupanda tena. Hapo ningetafuta usaha uliojikusanya pembeni mwa pafu, au bakteria asiyesikia dawa inayotumika.

Hata hivyo, ESR ina mahali pake. Katika lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, CRP mara nyingi haipandi sana ingawa ugonjwa umepamba moto na ESR iko juu. Katika mayeloma, saratani ya chembe zinazotengeneza kingamwili, ESR inaweza kupita 100 huku CRP ikiwa ya kawaida, kwa kuwa kingamwili zilizozidi hushikamanisha chembe nyekundu bila ini kuamriwa lolote. Basi mwombeni daktari wake arudie ESR na hemoglobini baada ya wiki sita hivi, na achunguze chanzo cha upungufu huo wa damu. Ikiwa ESR itakuwa bado juu sana na CRP ni ya kawaida, kipimo kinachofuata ni cha kutenganisha protini za damu.