Pima saa kabla ya kukubali kazi ya usaili

Swali la wiki: "Kampuni ya matangazo hapa Dar es Salaam imenipitisha usaili wa kwanza wa nafasi ya mbunifu wa michoro. Sasa inataka nembo, vifungashio 4 vya juisi na matangazo 12 ya mtandaoni, ndani ya siku 4, bila malipo. Niweke mpaka vipi bila kuonekana mkaidi?"

Ndugu Mhariri,

Nimefanya kazi hii jijini humu kwa miaka 14, na siku hizi mara nyingine huitwa kuwasaili vijana, hivyo najibu nikiwa nimekaa pande zote mbili za meza.

Mdogo wangu aanze kwa kuhesabu saa. Kwa mbunifu mwenye uzoefu wa kawaida, nembo pamoja na michoro yake ya awali huchukua kama saa 10, kifungashio kimoja saa 4, na tangazo moja saa moja na nusu, kwa hiyo jumla yake ni saa 44. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa za kawaida za mfanyakazi kuwa 45 kwa wiki. Hesabu hii si ya kumrushia mwajiri. Ni ya kumwezesha mwombaji kuona kwamba anachoombwa ni wiki nzima ya kazi, na kwamba kusita kwake si uvivu.

Msaili anayeifahamu kazi hukiona anachokitafuta katika kifungashio kimoja tu: mpangilio wa maandishi, matumizi ya rangi, na kama mwombaji amekumbuka nafasi ya viambato, tarehe ya mwisho wa matumizi na ukingo wa kukatia pale mtambani. Vile vitatu vingine havimwambii jambo jipya. Hata hivyo nisimhukumu mwajiri huyu mapema, kwa sababu nimewahi kukutana na wakuu wa idara ambao hawajui kabisa kwamba kazi wanayoiagiza kwa sentensi mbili inakula siku ngapi. Ndiyo maana ni vema kuuliza kwanza kama juisi hiyo ni ya mteja halisi, na kama wanataka faili zinazoweza kuhaririwa. Anayepima uwezo hutosheka na PDF. Anayedai faili zenyewe, tena kwa tarehe isiyosogezeka, mara nyingi ana mteja anayesubiri.

Nayasema haya kwa uchungu, kwa kuwa nilipokuwa kijana nilikabidhi nembo na faili zake zote kwa kampuni iliyonisaili, sikupata jibu lolote, na baada ya miezi mitatu niliikuta kwenye bango la duka maeneo ya Mwenge. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi kwa mchoro wenyewe, lakini hailindi wazo tupu. Mtu akilichukua wazo lako akalichora upya kwa namna yake, ni vigumu sana kumdai. Kwa hiyo mpaka huwekwa kabla ya kutuma, na kwa hakika kabla ya kuanza kuchora.

Ningemshauri ajibu siku ileile, kwa maandishi, akiwapa nafasi ya kuchagua badala ya kuwakatalia. Barua inaweza kuwa hivi:

"Ndugu Ofisa Rasilimali Watu, nashukuru kwa kunipitisha hatua ya kwanza, na bado ninaihitaji nafasi hii. Nimeipitia kazi mliyonitumia na kukadiria kwamba itachukua takribani saa 44. Kwa ajili ya usaili, naomba niandae kifungashio kimoja, kwa muda usiozidi saa 4, nikiwasilishe Jumatatu kama PDF, kisha niwaeleze ana kwa ana sababu za kila uamuzi nilioufanya. Kama mngependa kazi yote, nitafurahi kuwatumia makadirio ya malipo. Iwapo mtapenda zaidi, ninaweza pia kuwapitisha kwa nusu saa katika kazi kama hiyo niliyokwisha kuifanya."

Aone kwamba barua hiyo haitaji sheria wala haimtuhumu mtu. Baada ya kuituma, apige simu kesho yake asubuhi kuuliza kwa heshima kama imepokelewa, maana ofisi zetu nyingi huelewana vizuri zaidi kwa sauti. Wakikubali kifungashio kimoja, akitume kwa ukubwa wa kutosha kutazamwa kwenye skrini lakini usiofaa kuchapishwa, na maneno "Sampuli ya usaili" yapite juu ya mchoro.

Wakisisitiza yote 17 bila malipo, barua haitawabadilisha. Kama kodi ya nyumba inamkaba na ameamua kuifanya, sitamlaumu. Lakini ahifadhi barua pepe zote na rasimu zenye tarehe, na faili za kuhariri abaki nazo mpaka mkataba utakapotiwa saini.

Msomaji, Sinza